Kusoma ramani ya hali ya hewa msimu wa kusi: mistari, pembetatu na herufi H zinavyomhusu mtu wa Pwani

Siku hizi picha ya ramani ya hali ya hewa humfikia mvuvi kwenye simu kabla hajasukuma chombo majini. Mistari mingi ya mviringo, herufi H na L, mstari wa buluu wenye meno kama msumeno. Mmoja anaandika chini yake "tufani inakuja", mwingine anajibu kwamba ile ni habari ya Afrika Kusini, haituhusu. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Mstari ule wa buluu kweli haufiki Kenya, lakini kinachoufuata nyuma ndicho kinachochafua bahari yetu siku tatu au nne baadaye.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kusoma ramani ya kusini-magharibi mwa Bahari Hindi, ile inayoanzia Rasi ya Tumaini Jema hadi Lamu, hasa miezi ya Mei hadi Septemba upepo wa kusi unapovuma.

Kwanza tazama saa

Kabla ya kuangalia mstari wowote, soma pembeni mwa ramani. Kuna tarehe na saa, nayo huandikwa kwa saa za dunia, UTC, au kwa kifupi herufi Z. Kenya iko mbele kwa saa tatu. Ramani iliyoandikwa 0600 UTC ni ya saa tatu asubuhi kwetu, na ya 1200 UTC ni ya saa tisa alasiri.

Kisha angalia kama ni ramani ya hali iliyopimwa au ya hali inayotabiriwa. Ya kwanza huwa na neno ANALYSIS, yaani wataalamu wamekusanya vipimo na kuvichora. Ya pili huwa na alama kama T+48, yaani saa 48 baada ya vipimo hivyo. Mtu akikutumia picha iliyokatwa pembeni, isiyo na tarehe wala saa, huna ramani, una mchoro tu. Picha za namna hiyo huzunguka wiki nzima, na ya Jumatatu husomwa Ijumaa kana kwamba ni ya leo.

Mistari ya mgandamizo

Hewa ina uzito, na uzito huo hupimwa kwa kipimo cha hektopaskali, kinachoandikwa hPa. Usawa wa bahari, wastani wake ni takriban 1013. Mistari ile ya mviringo huunganisha mahali penye mgandamizo sawa, na katika ramani nyingi kila mstari hutofautiana na jirani yake kwa hPa 4: 1012, 1016, 1020, 1024, na kuendelea. H ni kitovu cha mgandamizo mkubwa, ambako hewa hushuka na anga kwa kawaida hutulia. L ni kitovu cha mgandamizo mdogo, ambako hewa hupanda na mawingu hujengeka.

Upepo hauendi moja kwa moja kutoka H kwenda L. Mzunguko wa dunia huupinda, na kwa sisi tulio kusini mwa ikweta hupindwa kuelekea kushoto. Kwa hivyo upepo huizunguka H kinyume cha mwendo wa akrabu za saa, na huizunguka L kufuata mwendo wa akrabu hizo. Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani, ambako kila kitu kiko kinyume. Njia rahisi ya kukumbuka: upepo ukikupiga mgongoni huku kusini, mgandamizo mdogo uko upande wako wa kulia.

Jambo la pili ni mwachano wa mistari. Mistari iliyobanana ni kama mlima mkali kwenye ramani ya ardhi, na hewa huteremka kwa kasi. Katika latitudo ya Durban, kama digrii 30 kusini, mistari miwili ikiachana kwa kilomita 400 juu ya bahari, tarajia upepo wa takriban noti 15, yaani maili 15 za bahari kwa saa. Ikiachana kwa kilomita 200, upepo hufika kama noti 30. Ili kupima, tumia digrii za latitudo zilizo kando ya ramani: digrii moja ni kilomita 111.

Lakini kipimo hicho usikilete Mombasa. Nguvu ile ya kupinda upepo hupungua kadiri unavyoelekea ikweta. Latitudo ya digrii 15, kaskazini mwa Mlango wa Msumbiji, mwachano uleule wa kilomita 400 huashiria upepo wenye nguvu karibu maradufu. Ukifika digrii 4, mahali ilipo Mombasa, au digrii 2, ilipo Lamu, kanuni yenyewe inavunjika na upepo huweza kuikata mistari badala ya kuifuata.

Kuna sababu nyingine ya kutoamini mstari ulio karibu nasi. Katika ukanda wa tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kama maji kujaa na kupwa. Huwa juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na huwa chini karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Tofauti ni kama hPa 3. Ukilinganisha ramani ya asubuhi na ya alasiri, utaona mstari wa 1012 umehama mamia ya kilomita na huenda ukadhani kuna kitu kinakuja. Hakuna. Ndiyo maana linganisha ramani za saa ileile: ya leo saa tisa alasiri na ya jana saa tisa alasiri.

Kwa hivyo anayetaka kujua bahari ya Kilifi au Kiunga itakuwaje, macho yake yawe mbali kusini, ambako mistari inasema kitu cha kuaminika.

Mstari wenye pembetatu

Mistari minene yenye alama ni mipaka kati ya hewa za aina mbili, ambayo wataalamu huiita fronti. Fronti ya baridi huchorwa kwa buluu na pembetatu, na pembetatu huelekea kule inakokwenda. Nyuma yake kuna hewa baridi na nzito inayosukuma na kuinyanyua hewa ya joto iliyo mbele. Fronti ya joto ni mstari mwekundu wenye nusu duara. Zikikutana na moja kuipanda nyingine, mstari huwa wa zambarau, pembetatu na nusu duara zikiwa upande mmoja. Pembetatu upande huu na nusu duara upande wa pili maana yake mpaka umesimama, hauendi popote.

Kwa ramani yetu, ya kuifuatilia ni fronti ya baridi. Huning'inia kutoka kwenye L iliyo mbali kusini, kwenye digrii 40 hadi 55, na mkia wake hupanda kuelekea kaskazini-magharibi. Wakati wa baridi ya kusini, Juni hadi Agosti, fronti hizi hupita Cape Town moja baada ya nyingine zikielekea mashariki. Zikikaribia tropiki hewa yake hupata joto la bahari, tofauti ya hewa mbili inafifia, na mstari unakufa. Mara nyingi mkia huishia kwenye Mlango wa Msumbiji au Madagaska. Mstari wa fronti ukichorwa kwa vipande vipande, huo ni mpaka unaofifia.

Mtu akisema fronti ya baridi imefika Malindi, basi amekosea. Lakini nyuma ya kila fronti huja H mpya, na hiyo ndiyo yetu.

H inayojenga kusi

Kusi haitoki hewani tu. Chanzo chake ni mgandamizo mkubwa unaokaa kusini-mashariki mwa Madagaska, unaojulikana kwa jina la visiwa vya Maskarini, yaani Morisi, Reunioni na Rodrigues. Upepo unaouzunguka kinyume cha akrabu hutoka kaskazini mwa kitovu chake ukielekea magharibi. Sehemu hupita juu ya ncha ya kaskazini ya Madagaska, na sehemu nyingine hupanda kupitia Mlango wa Msumbiji. Zote mbili hugonga nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambazo ni kama ukuta, na kugeuzwa kaskazini kufuata pwani yetu hadi Somalia na kuvuka kwenda Bara Hindi.

Kitovu hiki hakikai kimya. Kila H inayokuja nyuma ya fronti kutoka Atlantiki hukilisha na kukitia nguvu. Kwa hivyo kusi hupumua: siku kadhaa hukaza, siku kadhaa hulegea. Namba iliyo kando ya H husaidia. Ikiwa 1020, kusi huwa ya kawaida. Ikizidi 1030, na mistari yake imenyooka hadi Msumbiji na kaskazini mwa Madagaska, jiandae.

Mfano wa wiki moja

Tuchukue wiki ya kubuni katika mwezi wa Juni, ila mpangilio wake ndio unaojirudia kila msimu. Ramani zote ni za 1200 UTC.

Jumatatu kuna L ya 980 kusini mwa Afrika, digrii 45, na fronti ya baridi iko Cape Town. Nyuma yake, Atlantiki, kuna H ya 1030. H ya zamani, ya 1022, iko mbali mashariki mwa Madagaska na inazidi kwenda zake. Mlangoni mwa Msumbiji mistari imeachana sana. Huku kwetu kusi ni ya noti 12 hadi 15, na boti zinatoka nje ya mwamba. Anayetazama bahari tu atasema wiki ni nzuri.

Jumanne fronti imefika Durban, kilomita 1,300 hivi kutoka Cape Town. Ile H ya Atlantiki imenyoosha ulimi kuzunguka pwani ya kusini ya Afrika. Ulimi huo ndio dalili ya kwanza: ukiona mistari imejitokeza kama kidole kutoka kwenye H na kuingia pwani ya Natal, ujue upepo wa kusini utafunguka nyuma ya fronti.

Jumatano fronti iko kusini mwa Madagaska na imeanza kuchorwa kwa vipande. H imekuwa 1034, kusini-mashariki mwa Durban. Mistari ya 1020, 1024 na 1028 imebanana kando ya pwani ya Msumbiji, na upepo wa kusini hapo ni noti 25 hadi 30. Mombasa bado ni shwari ya kawaida.

Sasa piga hesabu. Upepo wa noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa, yaani kilomita 1,100 kwa siku. Kutoka digrii 25, karibu na Maputo, hadi digrii 4 ni digrii 21, sawa na kilomita 2,300 hivi. Ni mwendo wa siku mbili. Upepo uliokaza Msumbiji Jumatano alasiri utakuwa umefika Tanzania Alhamisi usiku, na Kwale hadi Lamu Ijumaa.

Kwa hivyo mvuvi aliyeona ramani ya Jumanne ana siku mbili na zaidi za kupanga. Atatega Jumatano, atatoa nyavu Alhamisi asubuhi, na Ijumaa chombo kitakuwa juu. Asiyeiona huenda akatoka Alhamisi jioni kwa safari ya kulala baharini, akakutana na kusi akiwa nje.

Baada ya hapo tazama H inakwenda wapi. Ikisonga mashariki haraka na nyuma yake hakuna nyingine, kusi italegea baada ya siku mbili au tatu. Ikisimama kusini-mashariki mwa Madagaska huku nyingine ikija kuungana nayo, bahari itachafuka wiki nzima.

Hesabu hii ina makosa ya nusu siku au hata siku nzima, kwa sababu upepo hupungua na kuongezeka njiani. Ndiyo maana ramani hufuatiliwa kila siku. Kama Alhamisi utaona mistari ya Msumbiji imelegea kabla ya wakati, punguza matarajio. Kama imebanana zaidi na imefika kaskazini hadi Komoro, ongeza.

Mawimbi yanayotangulia upepo

Ile L ya 980 nayo hufanya kazi yake kimyakimya. Dhoruba kubwa ya digrii 40 au 50 kusini hutoa mawimbi marefu yanayosafiri mbali kuliko upepo uliyoyazaa. Wimbi ambalo kilele chake na kinachofuata hupishana kwa sekunde 15 husafiri takriban kilomita 1,000 kwa siku. Kutoka digrii 40 hadi kwetu ni kama siku nne. Madagaska huzuia sehemu kubwa, lakini yanayopita mashariki yake hufika.

Dalili yake ufukweni ni mawimbi mazito yanayokuja polepole, yakipasuka kwa kishindo kwenye mwamba, huku upepo ni mwanana. Hesabu sekunde kati ya kupasuka na kupasuka. Sita au saba ni mawimbi ya upepo wa hapa hapa. Kumi na mbili na kuendelea ni mgeni kutoka kusini. Hatari yake ni kwenye milango ya mwamba, ambako chombo hutoka asubuhi pakiwa patulivu na kurudi jioni mlango umefungwa kwa povu. Yakikutana na bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji hupanda kuliko jedwali la maji linavyosema, na walio karibu na ufuo huyaona uani.

Alama ya kimbunga

Kati ya Novemba na Mei ramani huweza kuwa na alama ya duara yenye mikono miwili iliyopinda. Duara likiwa tupu ni dhoruba ya tropiki. Likijazwa rangi ni kimbunga kamili, chenye upepo wa noti 64 au zaidi. Mistari inayokizunguka hubanana kiasi cha kutosomeka. Kituo kinachofuatilia vimbunga vya upande wetu wa Bahari Hindi kiko Reunioni.

Kwa kawaida vimbunga havitufikii, kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya kuvizungusha ni ndogo. Hidaya, kilichotua Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei 2024, kilikuwa cha nadra kwa kukaribia hivyo. Lakini hata kimbunga cha mbali hugusa hali yetu. Idai kilipotua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019, kilivuta unyevu kuelekea kusini, na masika ya Kenya yakachelewa. Kwa hivyo mkulima wa Kaloleni akiona L nzito mlangoni mwa Msumbiji mwezi Machi, asikimbilie kupanda kwa kuwa ameona wingu moja. L ile inavuta hewa kuelekea kwake, upepo wetu hugeuka kuwa wa kaskazi na ukavu, na mvua huweza kungoja hadi iondoke.

Kisichoonekana kwenye ramani

Ramani hii haionyeshi manyunyu. Mvua ya kusi inayonyesha Mombasa usiku na alfajiri kisha jua likatoka hutokana na mawingu madogo yanayoletwa na upepo wa bahari, na ni madogo mno kuchorwa. Haionyeshi pia kwamba upepo wa mchana huongezewa nguvu na joto la nchi kavu, ndiyo maana noti 18 za asubuhi huwa 25 ifikapo saa tisa alasiri. Wala haionyeshi mikondo, wala mahali upepo unapobanwa kati ya visiwa.

Kwa mambo hayo kuna tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambazo hutolewa upepo wa kusi unapotarajiwa kuzidi noti 25 na mawimbi kuzidi mita 2. Tahadhari hutaja kaunti na siku. Ukiisoma pamoja na ramani ya saa ileile, utaona sababu yake: H iko wapi, namba yake ni ngapi, mistari ya Msumbiji imebanana kiasi gani. Zikitofautiana, tahadhari ikisema upepo mkali na wewe ukiona mistari imelegea, chukua ile iliyo kali. Waliotoa tahadhari wana vipimo vya setilaiti na vya meli ambavyo haviko kwenye picha uliyotumiwa.